Uzi: Tarehe za Kiirani kwenye maandishi ya Kiajemi, na jinsi mwaka unavyopotea zikifika kwenye Kiingereza

Mfasiri_Tanga

Wakuu salaam. Nina makala ya Kiajemi inayotakiwa kwenda Kiingereza. Ndani yake kuna tarehe mbili zinazonisumbua: tetemeko la Bam, limeandikwa 5 Dey 1382, na ndege ya Ukraine iliyodunguliwa karibu na Tehran, imeandikwa 18 Dey 1398. Kaida niliyoishika ni kuongeza 621 kwenye mwaka wa Kiirani. 1382 inanipa 2003, sawa kabisa. 1398 inanipa 2019, na ndege ile inajulikana ilianguka Januari 2020. Mwezi ni uleule Dey na kaida ni ileile, kwa nini moja inakubali na nyingine inakataa?

Kalamu_Nyeusi

Kaida yako imekatika nusu. 621 ni ya miezi tisa ya mwanzo tu. Miezi mitatu ya mwisho, yaani Dey, Bahman na Esfand, unaongeza 622. Angalia mapinduzi: 22 Bahman 1357. Ukiongeza 621 unapata 1978, ukiongeza 622 unapata 1979, na ni 1979. Tumia hiyo utalala salama.

Mfasiri_Tanga

Nashukuru mkuu, lakini Dey si umeiweka kwenye 622? Basi tetemeko la Bam linakwenda 2004, na lilitokea Desemba 2003.

Bi_Jedwali

Kila mmoja wenu ameshika kipande. Kalamu yuko sahihi kwa Bahman na Esfand. Kwa Dey ndipo anapoteleza, kwa sababu Januari mosi inaangukia ndani ya Dey.

Mwaka wa Kiirani huanza Nowruz, pale usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi. Mwaka wowote wa Kiirani kwa hiyo umelalia miaka miwili ya Miladi: miezi tisa na kidogo kwenye wa kwanza, siku zilizobaki kwenye wa pili. Nowruz ikiwa 21 Machi, Dey huanza 22 Desemba, na Januari mosi huwa ni 11 Dey. Tarehe 1 hadi 10 Dey unaongeza 621. Kuanzia 11 Dey hadi mwisho wa Esfand unaongeza 622. Bam ni 5 Dey, iko upande wa huku. Ndege ni 18 Dey, imeshavuka.

Lakini usiishie kuongeza mwaka peke yake, maana siku nayo inataka kuhesabiwa. Miezi sita ya kwanza ina siku 31 kila mmoja, mitano inayofuata ina siku 30, na Esfand ina 29, au 30 mwaka ukiwa mrefu. Kwa mwaka ambao Nowruz ni 21 Machi, siku ya kwanza ya kila mwezi ni hii:

1 Farvardin: 21 Machi
1 Ordibehesht: 21 Aprili
1 Khordad: 22 Mei
1 Tir: 22 Juni
1 Mordad: 23 Julai
1 Shahrivar: 23 Agosti
1 Mehr: 23 Septemba
1 Aban: 23 Oktoba
1 Azar: 22 Novemba
1 Dey: 22 Desemba
1 Bahman: 21 Januari
1 Esfand: 20 Februari

Sasa tarehe yako ya pili. Mwaka 1398 ulianza 21 Machi 2019, kwa hiyo 1 Dey ni 22 Desemba 2019. Toa moja kwenye 18 unabaki na 17. Siku 17 baada ya 22 Desemba: tisa za kwanza zinakufikisha 31 Desemba, nane zilizobaki zinakupa 8 Januari 2020. Bam kwa njia hiyohiyo: 22 Desemba 2003 ongeza siku nne, 26 Desemba 2003. Kwenye tafsiri andika jina la mwezi kwa herufi. Mwingereza na Mmarekani hawasomi 8/1 kwa namna moja, na kazi yako yote inaweza kuharibika hapo.

Mwana_wa_Maskati

Mbona mnajitesa? Simu zina kigeuzi cha Hijria. Nimeingiza 1357 kimeniletea 1938. Huyo aliyeandika mapinduzi ya 1357 labda kakosea yeye. Na sasa Hijria imeshapita 1440, iweje 1398 iwe juzi?

Bi_Jedwali

Ndugu wa Maskati, kigeuzi hakijakosea, ila kimejibu swali jingine. Hicho ni cha mwaka wa kamari, wa mwezi mwandamo, ule tunaofungia Ramadhani. Wairani wanaanzia Hijra hiyohiyo lakini wanahesabu kwa jua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kwa karne kumi na nne umetangulia kwa zaidi ya miaka arobaini. Namba 1357 ni 1938 kwa mwezi, na ni 1978 hadi 1979 kwa jua.

Hatari hii haiko kwenye simu tu. Vitabu vya Kiajemi vina hesabu zote mbili, mara nyingine katika ukurasa mmoja. Amri ya Mozaffar al-Din Shah iliyoleta bunge, Agosti 1906, kwenye hati za wakati ule ni mwaka 1324, wa kamari. Mfasiri akiichukua kama ya jua, anaipeleka 1945, mfalme akiwa ameshafariki na ukoo wake umeshaondolewa madarakani. Waandishi makini huweka herufi shini baada ya mwaka wa jua, kafu baada ya mwaka wa kamari, na mimu baada ya Miladi. Herufi isipokuwepo, tazama jina la mwezi. Farvardin, Mehr, Bahman ni jua. Muharram, Safar, Rajab ni kamari. Hesabu ya jua kwa majina haya iliwekwa kwa sheria 1304, yaani 1925, kwa hiyo hati ya zamani zaidi ya hapo ihesabu kuwa ya kamari mpaka yenyewe ikuoneshe vingine.

Mwana_wa_Maskati

Nimeelewa. Nilisoma Hijria nikadhani ni hii yetu.

Mfasiri_Tanga

Bi Jedwali, jedwali nimelinakili, Mungu akubariki. Nimelijaribu kwenye ajali ya helikopta ya Rais Raisi, 30 Ordibehesht 1403. Ordibehesht mosi ni 21 Aprili, ongeza 29, napata 20 Mei 2024. Magazeti yote yanasema 19 Mei. Nimehesabu mara tatu.

Bi_Jedwali

Umehesabu vizuri, ila mwaka wako haukuanza 21 Machi. 1403 ulianza 20 Machi 2024, kwa hiyo kila mstari wa jedwali unarudi nyuma siku moja. Ordibehesht mosi inakuwa 20 Aprili, na 30 Ordibehesht inakuwa 19 Mei.

Nowruz haikupachikwa kwenye tarehe ya Miladi. Inafuata dakika halisi ya jua kuvuka. Dakika hiyo ikija kabla ya saa sita mchana kwa saa za Irani, siku hiyo ndiyo Nowruz. Ikija baada, Nowruz ni kesho yake. Kwa mfasiri kuna vipindi vitatu vya kukumbuka:

Kuanzia 1339 hadi 1374, yaani 1960 hadi 1995, Nowruz ilikuwa 21 Machi kila mwaka. Kipindi hiki kina mapinduzi na vita na Iraki, kwa hiyo watu wengi hujifunzia humo na kuamini 21 ni ya kudumu.

Kuanzia 1375 hadi 1403, Nowruz ilikuwa 20 Machi katika ile miaka ya Miladi ambayo Februari ina siku 29: 1996, 2000, 2004, na kuendelea hivyo hadi 2024. Miaka mingine yote ya kipindi hiki ni 21.

Nyuma ya 1339 upande unageuka. Miaka 1305, 1306, 1310, 1314, 1318, 1322, 1326, 1330, 1334 na 1338 ilianza 22 Machi, na jedwali linasogea mbele siku moja. Amri ya Reza Shah ya wanawake kuvua hijabu inakumbukwa 17 Dey 1314. Jedwali kavu litakupa 7 Januari 1936. Jibu ni 8 Januari.

Na ule mpaka wa Dey unasogea pamoja na Nowruz. Katika mwaka wa 20 Machi, Januari mosi ni 12 Dey. Katika mwaka wa 22 Machi ni 10 Dey.

Kalamu_Nyeusi

Hapo nakubali niliteleza. Naongeza moja la Esfand, maana lilishanasa wengi. Uchaguzi wa bunge wa 11 Esfand 1402. Esfand mosi ni 20 Februari 2024, ongeza siku kumi. Ukisahau kwamba Februari ile ilikuwa na 29, unaandika 2 Machi. Ulikuwa 1 Machi.

Kodi_na_Kahawa

Yote haya ya nini? Kompyuta inafanya kwa mstari mmoja, Nowruz ya 20, 21 na 22 inazijua yenyewe:

```python
import jdatetime
print(jdatetime.date(1314, 10, 17).togregorian())
print(jdatetime.date(1403, 2, 30).togregorian())
```

Inatoa 1936-01-08 na 2024-05-19. Mjadala umefungwa.

Bi_Jedwali

Itumie, ni chombo kizuri, nami husahihishia kazi kwa hicho. Ila kinageuza namba ulizokipa tu. Ukikipa 1324 ya kamari hakitalalamika, kitakupa 1945. Ukikipa hati ya mwaka 2536 kitakupeleka karne ya 32 bila kusita.

Kodi_na_Kahawa

2536 ni mwaka gani huo tena? Kosa la chapa?

Bi_Jedwali

Si kosa. Machi 1976 serikali ya Shah iliacha kuhesabu kutoka Hijra ikaanza kuhesabu kutoka kutawazwa kwa Koreshi. 1355 ukawa 2535. Miezi na siku hazikuguswa, mwaka tu. Hesabu hiyo ilifutwa mwishoni mwa Agosti 1978 mambo yalipochafuka, kwa hiyo ilidumu 2535, 2536 na miezi mitano tu ya 2537. Toa 1180 unarudi kwenye mwaka wa jua, kisha endelea kama kawaida. Vitabu, stempu na vyeti vya wakati huo vimejaa namba hizi. Mwaka uleule una sura mbili: gazeti la Tir limeandikwa 2537 na la Mehr limeandikwa 1357, na ni miezi mitatu tu kati yao.

Shemeji_wa_Makunduchi

Naingia kwa upande. Hii Nowruz si ndiyo Nairuzi yetu, Mwaka Kogwa? Mbona sisi tunaoga mwaka Julai na wao wanaanza Machi? Nani amepotea?

Bi_Jedwali

Jina ni lilelile na asili ni Ajemi. Tofauti ni kwamba mwaka wa Nairuzi wa pwani una siku 365 daima, hauongezewi siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo umekuwa ukiteleza polepole dhidi ya majira. Wairani wanaongeza siku kwenye Esfand, ndiyo maana wao wamebaki Machi. Usitumie moja kugeuzia nyingine.

Ila umenikumbusha kitu kinachohusu uzi huu. Kwenye Nairuzi manahodha walihesabu kwa miongo, na mwongo ulikuwa siku kumi. Leo tukisema muongo tunamaanisha miaka kumi. Kiajemi kina neno linalofanya vilevile, *dahe*. *Dahe-ye fajr* ni siku kumi, kuanzia Khomeini alipotua Tehran 12 Bahman hadi ushindi wa 22 Bahman. Nimeona imefasiriwa kuwa muongo mzima wa miaka, na sentensi bado inasomeka kana kwamba iko sawa.

Kinyume chake ni *dahe-ye shast*. Hapo ni miaka kumi kweli, na *shast* ni sitini, lakini ni sitini ya 1360. Inaanza Machi 1981 na kuisha Machi 1991. Mfasiri akiandika miaka ya sitini, msomaji wa Kiingereza anamwona Shah yuko kwenye kiti na Khomeini yuko uhamishoni, wakati mwandishi anazungumzia vita na foleni za kuponi. Andika miaka ya themanini. Mwaka wa tarakimu mbili ni hivyohivyo: Muirani akisema "mwaka 57" anamaanisha 1357.

Mfasiri_Tanga

Na hizi zinazoandikwa kwa namba tupu? Nina moja hapa: 88/3/22.

Kalamu_Nyeusi

Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku. Ni 22 Khordad 1388, uchaguzi wa Ahmadinejad na Mousavi, 12 Juni 2009. Mwezi wa 3 ni Khordad, usiusome Machi. Na ukinakili kwenye faili la Kiingereza, mpangilio wa kulia kwenda kushoto unaweza kuigeuza ikawa 22/3/88. Hapo ndipo mtu anapoandika 22 Machi 1988 kwa kujiamini kabisa.

Mfasiri_Tanga

Basi nina hakikisho gani nikimaliza kuhesabu?

Bi_Jedwali

Siku ya juma. Magazeti ya Kiirani huitaja mara nyingi. Mauaji ya uwanja wa Jaleh ni Ijumaa 17 Shahrivar 1357. Hesabu inakupa 8 Septemba 1978. Fungua kalenda ya 1978: ni Ijumaa. Ingekuwa Alhamisi au Jumamosi, ungejua umeteleza siku moja na ungerudi kutazama Nowruz. Mwaka ukikosea pia siku huhama, kwa hiyo kipimo hiki kinakamata makosa yote mawili.

Lakini sisi Waswahili tuna mtego wetu hapa. Kiajemi kinahesabu siku kutoka Jumamosi, *shanbe*, kama sisi, ila wao Jumamosi haina namba na Jumapili ndiyo moja, *yekshanbe*. Sisi Jumamosi ndiyo mosi na Jumapili ndiyo pili. *Doshanbe*, yenye mbili ndani yake, ni Jumatatu. *Chaharshanbe*, yenye nne, ni Jumatano. Mapinduzi dhidi ya Mosaddegh, 28 Mordad 1332, yalikuwa *chaharshanbe*. Ukisikia nne ukaandika Jumanne, utaamini tarehe yako imekosea na kwenda kuiharibu. 19 Agosti 1953 ilikuwa Jumatano.

Mama_Zuhura

Samahani kuingilia. Kuna cheti cha kuzaliwa cha Kiirani kinatakiwa ubalozini, kimeandikwa 10/10/1339. Kimefasiriwa Januari 1961, na pasipoti inasema 31 Desemba 1960. Kipi kibadilishwe?

Bi_Jedwali

Mama Zuhura, pasipoti iko sahihi. Mwezi wa kumi ni Dey. 1339 ulianza 21 Machi 1960, Dey mosi ni 22 Desemba, 10 Dey ni 31 Desemba 1960. Ni siku ya mwisho kabisa kabla ya mpaka, na aliyefasiri ameihesabu kama imeshavuka. Mpe mfasiri arekebishe na kupiga muhuri upya. Kwenye hati kama hiyo mimi huweka tarehe ya Kiirani kwanza kama ilivyo, kisha ya Miladi kwenye mabano, ili ofisa aone zote mbili.

Kalamu_Nyeusi

Kwenye hati sawa. Kwenye makala ya kawaida sikubaliani. Msomaji wa Kiingereza akikuta Dey na Shahrivar kila aya anachoka. Weka Miladi tu, na ya Kiirani ibaki pale ambapo tarehe yenyewe ni jina, kama 28 Mordad au 22 Bahman.

Bi_Jedwali

Kwa makala ya gazeti nakubali. Kwa kazi ya kitaaluma sikubali, kwa sababu anayetaka kukisaka chanzo maktabani Tehran anahitaji tarehe ya asili.

Mfasiri_Tanga

Swali la mwisho kwangu. Kitabu kimeandikwa kimechapwa 1380, bila mwezi. Na kuna barua imeandikwa "Dey 57" tu, bila siku. Mhariri anataka mwaka mmoja kwa kila kimoja.

Kalamu_Nyeusi

1380 andika 2001. Sehemu kubwa ya mwaka iko huko.

Bi_Jedwali

Hiyo ni kubahatisha kwa asilimia nzuri, lakini bado ni kubahatisha. Kama kitabu kilitoka Bahman, kilitoka 2002. Mimi huandika 1380 na kando yake 2001 au 2002, kama wafanyavyo wakutubi. Mhariri akikataa, mwache akatae kwa maandishi.

Barua ndiyo ngumu. Dey 1357 ni kuanzia 22 Desemba 1978 hadi 20 Januari 1979. Soma ndani. Shah aliondoka 26 Dey, yaani 16 Januari 1979. Barua ikitaja kuondoka kwake kama jambo lililokwisha, ni 1979. Ikimtaja bado yuko ikulu, inaweza kuwa upande wowote.

Mfasiri_Tanga

Haimtaji kabisa. Inasema theluji imeanguka, mafuta ya taa hayapatikani, na shule zimefungwa.

Bi_Jedwali

Wafanyakazi wa mafuta walikuwa kwenye mgomo mwezi wote ule, kwa hiyo mafuta ya taa hayakusaidii. Andika Desemba 1978 au Januari 1979, na kama kuna bahasha tafuta muhuri wa posta.

Mfasiri_Tanga

Bahasha ipo kwenye picha waliyonitumia, ila muhuri umefutika upande wa siku. Namba inayosomeka ni 57 na kitu kama 10. Naiomba picha kubwa zaidi, nitaileta hapa.